Hela ikifika mwisho wa reli inaenda wapi? Maswali ya mzunguko wa kipato, mfano mjini Kigoma

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi niliowafundisha uchumi, wengine ni wafanyabiashara wa Mwanga na wa mwaloni ambao walikuwa wanauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, yaani "mbona hela inaingia Kigoma kila siku lakini mfukoni haikai?" Nimejibu kwa kufuata hela ya dagaa maana ndo naijua vizuri, mama yangu ameanika dagaa Kibirizi miaka mingi na mahesabu ya kwanza kabisa nilijifunza kwenye vichanja vyake. Namba za bei humu ndani ni za mfano, nimechagua zinazogawanyika kirahisi, kwahiyo usije ukasema bei ya mwaloni leo sio hiyo, najua.

Mzunguko wa kipato ni nini hasa?

Ni kwamba matumizi ya mtu mmoja ndo kipato cha mtu mwingine, basi. Ukinunua sahani ya ugali na migebuka kwa mama ntilie pale Mwanga, kwako wewe hiyo ni hela imetoka, kwake yeye ni hela imeingia, afu jioni ananunua mkaa, hela inakuwa kipato cha muuza mkaa, na yeye anapanda bodaboda, inakuwa kipato cha bodaboda. Noti ni ile ile moja lakini imelipa watu watatu wanne kabla jua halijazama.

Kwenye vitabu wanachora pande mbili. Upande mmoja kuna kaya, ndo majumbani kwetu, wenye nguvu kazi, viwanja, nyumba za kupangisha na mitaji. Upande wa pili kuna biashara zinazozalisha. Kaya zinapeleka kazi kwenye biashara na biashara zinarudisha mshahara, kodi ya pango na faida, halafu kaya zinachukua hela hiyo hiyo zinaenda kununua bidhaa kwenye biashara. Vitu vinazunguka upande huu na hela inazunguka kinyume chake. Serikali inakaa katikati, inachota kodi huku na huku na kulipa mishahara na zabuni. Aliyechora mchoro wa namna hii mapema alikuwa daktari, Mfaransa Kené (Quesnay), mwaka 1758, na sio ajabu kwamba mtu wa tiba ndo aliwaza uchumi kama kitu kinachozunguka mwilini.

Mama ntilie naye ni "kampuni"? Si ni mtu tu na sufuria zake

Kwenye hesabu hii yeye ni wawili. Akiwa jikoni anapika na kuuza ni biashara, akishafunga genge akanunua daftari la mtoto ni kaya. Mjini kwetu watu wengi wako hivyo, mwenye mtumbwi, fundi cherehani, mama wa mawese, wote mfuko wa biashara na mfuko wa nyumbani ni mfuko mmoja. Ndo maana mtaji unaliwa bila mtu kujua. Ila kwa kuelewa mzunguko watenganishe kichwani hata kama wao hawajatenganisha.

Tupe mfano unaoshikika basi, hela inaanzia wapi?

Tuchukue usiku mmoja wa giza na mtumbwi mmoja wa Kibirizi. Wanaingia ziwani jioni na taa, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri wanarudi mwaloni na mzigo. Tufanye mzigo umeuzwa mbichi shilingi 600,000 kwa akina mama wanaoanika. Petroli ya injini usiku ule ilikula 120,000. Inabaki 480,000, na kwa makubaliano yao tajiri mwenye chombo anachukua nusu, 240,000, wavuvi sita wanagawana nusu nyingine, kila mmoja 40,000.

Wale akina mama wakaanika, jua likiwa zuri siku hiyo hiyo dagaa wanakauka, wakauza kwa mfanyabiashara anayepeleka Dar kwa 800,000. Wao wamelipa 600,000 wamepata 800,000, kwahiyo kazi yao ya kuanika, kugeuza, kufukuza ndege na kuhangaika mvua ikitishia imezaa 200,000.

Sasa angalia. Kipato kilichobaki Kigoma ni 240,000 ya tajiri, 240,000 ya wavuvi na 200,000 ya waanikaji, jumla 680,000. Ukihesabu kwa njia nyingine kabisa, mji umeuza nje kitu cha 800,000 na umenunua kutoka nje petroli ya 120,000, toa hapo unapata 680,000. Na ukihesabu kwa thamani iliyoongezwa, uvuvi 480,000 na kuanika 200,000, ni 680,000 tena. Hizo ndo njia tatu maarufu za kupima pato, za kipato, za matumizi na za uzalishaji, na sio kwamba zimekaribiana kwa bahati, ni hela moja imeangaliwa kwenye madirisha matatu. (Kituo cha mafuta pia kinabakiza faida kidogo hapa mjini, nimeiacha ili tusichanganyikiwe.)

Kwa nini tusijumlishe tu mauzo yote? Mwaloni 600,000 na mkavu 800,000, si ni milioni 1.4?

Hapana, na hili ndo kosa ninaloliona sana hata kwa watu wazima wanaoandika mpango wa biashara. Ile 800,000 ina ile 600,000 ndani yake. Dagaa ni wale wale. Ukijumlisha unakuwa umemhesabu mvuvi mara mbili, na kama dagaa wangepita mikono mitano hapa hapa mjini ungemhesabu mara tano na mji ungeonekana tajiri kwa kuuziana tu. Chukua kila mkono umeongeza kiasi gani juu ya alichonunua, jumlisha hizo nyongeza.

Sawa, 680,000 imeingia mjini. Baada ya hapo?

Hapa ndo penyewe, soma polepole.

Mvuvi ana 40,000 yake. Tuseme ananunua sukari na sabuni dukani 15,000, anakula kwa mama ntilie, ananyoa, anapanda bodaboda, analipa deni la pango, na kidogo anaweka. Ile 15,000 ya dukani ukiifuatilia, mwenye duka anabakiza labda elfu moja na kitu, iliyobaki inarudi kwa muuzaji wa jumla na kutoka hapo inapanda kwenda Dar, kilomita kama 1,250 kwa reli, kwa sababu sukari na sabuni ya kiwandani havikutengenezwa hapa. Lakini hela ya kinyozi karibu yote inabaki, maana kinyozi ni wa hapa, mikono ni ya hapa, kinachotoka ni umeme na wembe. Ya mama ntilie inabaki sehemu kubwa pia, maharage ya Kasulu, mkaa wa vijijini, dagaa wa ziwa lile lile.

Kwahiyo sio kila mia inayotumika mjini inakuwa kipato cha mtu wa mjini. Tufanye kwa wastani katika kila shilingi 100 ya kipato, shilingi 40 zinakuwa kipato cha mwenzako hapa Kigoma, 60 zinavuja. Zinavujia sehemu tatu, vitu vinavyonunuliwa kutoka nje ya mji, kodi, na akiba isiyotumika.

Ile 680,000 basi inazaa mzunguko wa pili wa 272,000, wa tatu 108,800, wa nne 43,520, inaendelea kupungua hadi haionekani. Ukijumlisha mizunguko yote unapata 1,133,333. Njia ya mkato ni kugawanya kwa sehemu inayovuja:

```
680,000 / 0.60 = 1,133,333
```

Wachumi wanaita kizidishi. Hapa ni 1.67 hivi, yaani kila shilingi ya dagaa iliyotoka nje ya mji imezaa senti 67 juu yake kwa watu ambao hawajawahi hata kushika nyavu.

Kizidishi kikubwa kinatokana na hela nyingi kuingia?

Hapana. Kinatokana na uvujaji kuwa mdogo. Wekea mji wetu uvujaji wa 50 badala ya 60, usiguse kitu kingine, usiku ule ule, mtumbwi ule ule, 680,000 gawa kwa 0.50 ni 1,360,000. Mji umepata 226,667 zaidi bila dagaa hata mmoja kuongezeka ziwani. Mimi hili ndo lilinibadilisha mawazo, kwa sababu sisi huku tumezoea kulilia kiingie nini, meli, mradi, mwekezaji, na mara chache tunauliza kikishaingia kinapita mikono mingapi kabla hakijaondoka.

Kwahiyo unatuambia tusinunue vitu vya Dar?

Sijasema hivyo. Petroli hatuchimbi, dawa hatutengenezi, bati hatutengenezi, na mvuvi bila petroli haendi popote, kwahiyo uvujaji mwingine ndo unaozalisha dagaa wenyewe. Ninachosema ni kwamba kuna vitu tunavyo na hesabu yake inatofautiana sana. Chukua mafuta ya kula. Elfu kumi ukinunua ya kiwandani, Kigoma inabaki faida ya muuza jumla, ya duka na ujira wa mpakuzi. Elfu kumi hiyo hiyo ukinunua mawese, imelipa aliyekata mikungu ya michikichi, aliyekamua, aliyechemsha, aliyeleta madumu na aliyekupimia sokoni, wote ni wa mkoa huu, na hata kokwa haikutupwa, imekwenda kutoa mafuta ya mise ambayo watu wanachemshia sabuni.

Lakini kama mawese yana maji, au wakati wa msimu mdogo yanapanda bei kuliko ya kiwandani, mama wa nyumbani mwenye elfu tatu atachagua ya kiwandani na yuko sahihi. Uvujaji haupungui kwa kuwahubiria watu, unapungua pale kitu cha hapa kikiwa kinapatikana mwaka mzima, kimechujwa vizuri na bei haimuumizi.

Serikali kwenye mzunguko inachukua au inaleta?

Vyote, ila sio mahali pamoja wala siku moja. Inachukua kidogo kidogo kila siku. Inaleta kwa mafungu.

Kwa mji kama wetu wenye hospitali ya mkoa, shule nyingi, ofisi za mkoa na za halmashauri, kuletewa ni kukubwa. Mshahara wa mwalimu wa Ujiji hautoki kwenye kodi ya Ujiji, unatoka Hazina, na ukitua kwenye akaunti yake tarehe za mwisho wa mwezi ni sawasawa na mtumbwi umerudi na mzigo, ni hela mpya ya mji. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025. Kwa mtumishi mmoja wa ngazi hiyo ni 130,000 zaidi kwa mwezi, kabla ya makato, na kwa kizidishi chetu cha mfano kila shilingi anayopokea mkononi inakuwa moja na senti 67 mjini. Ila usisahau kuna makato, sehemu ya nyongeza inarudi serikalini na kwenye mifuko ya hifadhi kabla hata hajaiona.

Na halmashauri nayo ina mzunguko wake mdogo. Ushuru wa soko, leseni na ushuru wa mazao vinakusanywa hapa, na sheria inataka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani itolewe mikopo bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni hela iliyovuja ikarudishwa mtaani. Kikundi kikinunua mashine ya kukamulia mawese imerudi vizuri, wakigawana tu na kila mtu akanunua simu imepita kwenda Dar wiki hiyo hiyo na deni limebaki.

Mbona wanasema Kigoma kodi yake ndogo, sisi hatulipi?

Tunalipa, ila inaandikwa kwingine. Kodi inahesabiwa inapokusanywa, sio inapobebwa. Petroli ya mtumbwi ule ilishatozwa ushuru na tozo huko mafuta yalikoingilia nchini. Sabuni ya kiwandani, kiwanda kimeuza kwa mfano 10,000 kikaongeza VAT ya asilimia 18 ikawa 11,800, ile 1,800 imepelekwa TRA na kiwanda huko kilipo. Duka la mtaani kwetu mauzo yake hayafiki milioni 200 kwa mwaka kwahiyo halijasajiliwa VAT, halikati VAT, mteja anaona hajatozwa kitu, lakini ile kodi imeshakaa ndani ya bei aliyonunulia mwenye duka. Kwahiyo mvuvi wa Katonga ambaye hana hata namba ya mlipakodi analipa kodi kila akinunua kipande cha sabuni, tena yeye hana pa kuidai.

Ukilinganisha makusanyo ya mkoa na mishahara inayoletwa mkoani utaona kama tunabebwa sana. Tunapokea kuliko tunavyotoa, hilo naliamini, lakini pengo sio kubwa kama karatasi inavyoonyesha.

Akiba nayo mnaiita uvujaji? Si tunaambiwa tuweke akiba?

Weka. Ni uvujaji kwa maana moja tu, siku ile umeiweka haijawa kipato cha mtu. Swali ni imelala wapi. Kwenye kibubu chini ya kitanda imelala kweli. Kwenye vikoba, wiki hiyo hiyo mwenzako amekopeshwa akaongeza mtaji wa vitenge, imerudi mtaani na hata riba inabaki kwenu. Benki ni katikati, benki inapokea akiba yako Kigoma na inaweza kumkopesha mtu Mwanza, hakuna ubaya, ndo kazi ya benki, lakini kwa mji imetoka hadi pale mtu wa hapa naye atakapokopa.

Kanuni yake ukiiandika kwa nchi nzima ni kwamba akiba, kodi na manunuzi ya nje, jumla yake inalingana na uwekezaji, matumizi ya serikali na mauzo ya nje:

```
S + T + M = I + G + X
```

Kushoto kinachovuja, kulia kinachoingia. Kisipolingana kipato chenyewe ndo kinasogea, kinapanda au kinashuka hadi vilingane. Na kushuka kwake ndo huko kuambiwa "biashara ngumu".

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, hela ilienda wapi?

Shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, ni ziwa la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na mavuno yalikuwa yanapungua. Sitaki kubishana hapa kuhusu uamuzi wenyewe, mimi naona samaki lazima wapumzike, swali ni la mzunguko.

Rudi kwenye mtumbwi wetu wa mfano. Mwezi mmoja hauna usiku 30 wa dagaa kwa sababu ya mbalamwezi, tufanye usiku 20. Miezi mitatu ni 60. Kipato cha moja kwa moja kilichokosekana ni 680,000 mara 60, milioni 40.8. Ukigawa kwa 0.60 unapata milioni 68. Tofauti ya milioni 27.2 ni ya watu wasio wavuvi, kinyozi, mama ntilie, mwenye chumba cha kupanga, fundi injini. Hao ndo wanaosahaulika kila mara, kwa sababu ukipanga kusaidia walioathirika unaandika majina ya wenye vyombo na wavuvi, hakuna anayeandika muuza chapati wa mwaloni.

Hesabu hii ina mapungufu ya pande zote mbili na lazima niyaseme. Hasara inakuwa ndogo kidogo kwa sababu tajiri mwenye akiba anaitoa, na hiyo ni hela inayoingia. Wengine wanaenda shamba. Mwenye dagaa wakavu stoo anauza kwa bei nzuri. Kwa upande mwingine inakuwa kubwa, maana ile 40 kwa 60 haikai pale pale. Mtu akibanwa anakata nini kwanza? Anaacha saloon, anatembea kwa mguu badala ya bodaboda, anapika nyumbani badala ya kula kwa mama ntilie. Hivyo vyote ni vitu vya hapa. Sukari, sabuni na dawa anaendelea kununua. Kwahiyo wakati wa shida ile kidogo iliyobaki inavuja haraka zaidi, labda inabaki 30 tu badala ya 40, na mji unaumia mara mbili, kinachoingia kimepungua na kilichoingia hakikai.

Na mbalamwezi ya kila mwezi je, si ni kama kufungwa kidogo?

Ndio, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu. Tofauti ni kwamba linatabirika. Duka la mwaloni linajua, linakopesha wiki ya mbalamwezi na kudai wiki ya giza, yaani daftari la madeni linafanya kazi ya benki. Kitu kinachojulikana tarehe yake mzunguko unakihimili. Shida inakuja pale mbalamwezi ikiangukia siku za kufungua shule, hapo wavuvi hawana na ada inatakiwa, wanauza hata taa.

Mtaani nitajuaje hela inaingia au inatoka?

Nenda kwa wakala wa miamala ukae naye nusu saa. Mtu akitoa hela, wakala anapokea floti na kutoa keshi. Mtu akiweka, wakala anapokea keshi na floti inaondoka. Sasa ukiona mawakala wa mtaa mzima wanakuambia "keshi hamna, rudi baadae", maana yake watu wanatoa, hela imetumwa kuja, mishahara imetoka au ndugu wa Dar wametuma. Ukiona keshi imejaa droo lakini floti hamna, wafanyabiashara wanaweka na kutuma Dar kufata mzigo, hela inaondoka. Sio kipimo kamili, wakubwa wanatumia benki, na mwenye duka la jumla akilipa mara moja kwa wiki anaharibu picha ya siku hiyo, lakini ukiangalia wiki nne tano unaona mdundo wa mji.

Kipimo changu cha pili ni daftari la mkopo la duka. Usiangalie watu wangapi wanadaiwa, angalia deni linachukua siku ngapi kulipwa. Likitoka wiki moja kwenda wiki tatu kuna mahali pamekwama juu. Niliwahi kuliona hili kwa kibarua mmoja wa ujenzi mtaani kwetu, mkandarasi hajalipwa, yeye hajalipwa, duka halijalipwa, muuza jumla akakata kumpa duka mzigo. Hela moja haijatoka kwa mtu mmoja na watu wanne wamesimama, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mvivu au mdanganyifu.

Bandarini mizigo inapita mingi kwenda Kongo na Burundi, mbona hatuoni utajiri?

Kwa sababu mzigo kupita sio hela kubaki. Saruji iliyotoka nje ya mkoa ikapandishwa kwenye meli hapa kwenda Kalemie au Bujumbura, thamani yake sio yetu. Yetu ni ujira wa makuli, ada za bandari zinazotumika hapa, wakala wa forodha, stoo, chakula na kulala kwa wafanyabiashara wanaosubiri meli. Ndo ile kanuni ya nyongeza tuliyoona kwa dagaa. Mkongo aliyekuja akanunua magunia ya dagaa na madumu ya mawese ameacha mjini hela nyingi kuliko shehena kubwa iliyolala usiku mmoja kwenye gati.

Si serikali ilete tu hela nyingi, tuzunguke wote?

Kizidishi kinafanya kazi kama kuna watu na vitu vimekaa bila kazi. Kinyozi ana kiti kitupu, bodaboda imepaki kijiweni, hela ikija wanafanya kazi zaidi na kipato kinaongezeka kweli. Lakini vyumba vya kupanga haviongezeki kwa mwezi mmoja. Ukileta mradi wenye wafanyakazi mia tano ghafla, hela yao kwenye pango haizalishi chumba kipya leo, inapandisha bei, mwenye nyumba anafurahi na mpangaji wa zamani anahama kwenda Gungu au mbali zaidi. Kwenye karatasi kipato cha mji kimepanda, ila sehemu yake ni bei tu.

Mimi nalima mihogo nakula mwenyewe, niko kwenye mzunguko?

Kwa mchoro wa hela haupo, au upo kidogo siku ukinunua chumvi. Wataalamu wa takwimu wanajaribu kukadiria thamani ya chakula kilicholiwa na mkulima mwenyewe wakaiingiza kwenye pato la taifa, ila kazi ya mama yangu ya kupika na kulea hawaihesabu. Yeye huyo huyo akipika chakula cha kuuza anahesabiwa, akitupikia sisi nyumbani, kazi yake ya siku ile haihesabiwi, ingawa jiko ni lile lile na moto ni ule ule.